Kisanduku Kilichotolewa Kwenye Kitini

Hebu niambie wewe unayesoma: umewahi kukaa kwenye chumba kilichojaa makofi, watu wanacheka na kupongezana, na wewe umekalia jambo ambalo likisemwa makofi yote yatakatika? Kama hujawahi, shukuru. Kiti kinageuka miiba. Unahamisha uzito upande wa kulia, unauhamisha wa kushoto, unakohoa kikohozi ambacho hukuwa nacho. Mimi yamenikuta, na kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, kile cha bluu chenye mgongo unaonesa, kwa hiyo kila nilipojisogeza kililia kwii, na watu wakageuka kunitazama.

Nianze nyumbani, maana mambo yalianzia juu ya meza yangu ya kulia.

Mjukuu wangu ni muuguzi wa vidonda. Nyumbani tunamwita Kiherehere, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Tangu utoto hakai. Akila anasimama, akisimama anatembea, akitembea anaimba. Hospitali walimpa kazi iliyomfaa: kuzunguka nyumba za wagonjwa wenye vidonda vya miguu visivyopona, awafunge bendeji hukohuko badala ya wao kujikokota hadi hospitali na kupanga foleni. Yeye na wenzake wawili walifanya kazi hiyo kwa majaribio. Majaribio yakaisha, na sasa uongozi uliitisha mkutano uamue kama mizunguko iendelee au wale watatu warudi wodini. Kiherehere ndiye aliyechaguliwa kuieleza kazi hiyo mbele ya daktari mkuu, metroni na wauguzi wa vituo vidogo vyote vya jirani.

Mimi nilikuwa mmoja wa wagonjwa wenyewe. Nina kidonda juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa nje, kidogo cha mviringo, kingo zake zimenyooka kama kimekatwa kwa mkasi. Kwa hiyo mizunguko ikifa, mlango wangu nao haugongwi tena. Si mimi tu. Mtaa wa pili yuko fundi cherehani, mwanamke mnene mcheshi, ambaye kidonda chake kilimtesa miaka mpaka wakamfunga bendeji ya kubana, kikafunga kabisa. Tulikuwa wengi, tulio na ngazi ndefu na magoti mabovu, ambao kwetu muuguzi kuja mlangoni ndiyo tofauti ya kupona na kuoza. Kiherehere alilijua hilo, na ndiyo maana siku ile mezani kwangu alikuwa na roho juu juu.

Alikuja asubuhi ya mapumziko na kompyuta kwapani. Nyuma yake akaja mtakwimu wa hospitali, kijana mrefu wa miwani ambaye wenzake humwita Bwana Asilimia. Nikawapa chai. Kiherehere hakuinywa, ikafunga utando.

"Bibi, nenda pale jikoni, mlangoni," akaniambia. "Tazama hapa kwenye kioo. Unasoma nini?"

Nikaenda, nikafinya macho. "Naona kunguru wametua shambani."

"Si nilikwambia?" akamgeukia mwenzake. "Hiyo jedwali yako ni kunguru!"

"Bibi hana miwani," akasema Bwana Asilimia.

"Ninayo, baba, nimeivaa," nikamjibu.

Jedwali ilikuwa na wagonjwa wote kwa safu: umri, upana wa kidonda mwanzo, upana mwisho, wiki, aina ya dawa. Bwana Asilimia aliipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza. Alitaka ionekane yote ukutani siku ya mkutano, ikimulikwa kutoka kwenye kompyuta. Kiherehere akamwambia ukutani weka kitu ambacho chumba kizima kitakiona kwa pamoja kwa mtupo mmoja wa jicho, kisha wakurudishie wewe masikio yao. Wakianza kusoma safu kwa safu, wewe utasema peke yako kama redio ya jirani. Jedwali iende kwenye kitini.

Kitini ni zile karatasi anazopewa msikilizaji aende nazo. Nilikuwa silijui neno hilo siku ile, nikadhani wanazungumzia samani, mpaka nilipoona kurasa mbili zimechapwa mbele na nyuma.

Basi wakagawana. Mimi nikachambua mchele pembeni nikiwasikiliza, na nikaona kazi yao na yangu zinafanana mwendo: hiki huku, hiki kule, hiki nje. Ukutani wakaweka picha mbili za mguu wa fundi cherehani, kabla na baada, bila maneno. Wakaweka mchoro wa mstari mmoja ukishuka, vidonda vinavyopungua. Hatua za kufunga bendeji zilikuwa ukutani kwa herufi ndogo, Kiherehere akazifuta zote. "Nani ataanza kufunga mguu akikumbuka ukuta? Hatua anazihitaji mtu akiwa amepiga magoti mbele ya mgonjwa. Zikae kwenye karatasi." Na kisa cha fundi cherehani, jinsi alivyokuwa anashona akikanyaga kwa mguu mmoja tu kwa maumivu, hicho akakiweka mdomoni. "Kisa ukikiandika kinakauka."

Kulikuwa na jambo dogo nililolipenda. Kwenye picha ya mguu, nyuma, lilionekana pazia la maua makubwa mekundu. Mtaa wote wanalijua pazia lile, maana fundi cherehani alilishona mwenyewe na kulisifia mwenyewe. Kiherehere akalikata pazia likatoka, ukabaki mguu peke yake. "Watu wanapiga picha ukuta kwa simu, Bibi. Jioni mguu unaweza ukawa umefika sokoni kabla ya mwenyewe." Jina hawakuliandika mahali popote.

"Karatasi tunagawa mwanzo," akasema Bwana Asilimia.

"Tukigawa mwanzo nitahutubia visogo. Tunagawa mwisho. Ila nawaambia mapema kwamba zinakuja, wasihangaike kuandika."

Hapo walikubaliana vizuri. Kisha Kiherehere akabonyeza, ikatokea picha ya mguu mwingine. Nikaacha kuchambua mchele.

Mguu ule ulikuwa wangu.

Nieleze. Mwanzoni kabisa mwa mizunguko, Kiherehere alinifunga bendeji ya kubana kama alivyowafunga wengine: unaanza kwenye shina la vidole, unapanda ukipishana nusu kwa nusu kwa mvuto uleule, unaishia chini ya goti. Alinifunga asubuhi. Kufikia mchana vidole vyangu vilikuwa baridi na rangi ya majivu, na ganzi imenipanda hadi kisigino. Nikapiga simu. Alikuja mbio na mkasi mkononi, akaikata bendeji yote, akakaa chini sakafuni akivishika vile vidole mpaka vikaanza kurudi. Hakusema kitu. Kesho yake daktari mmoja wa zamu aliniwekea kifaa kidogo cha kusikilizia damu juu ya unyayo, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kuna mishipa inayoleta damu mguuni na mishipa inayoirudisha. Wengi wenye vidonda, shida yao ni ile inayorudisha, na bendeji ya kubana inaisaidia. Mimi yangu inayoleta ndiyo imekuwa myembamba. Ukinibana, unafunga bomba ambalo tayari linachuruzika. Tangu hapo Kiherehere hanifungi kwa kubana, ananisafisha na kunifunika kwa wepesi, napewa vidonge, natembeatembea uani. Kidonda hakijafunga lakini kimepungua. Na tangu hapo yeye na wenzake hawagusi bendeji kabla ya kushika mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, na ambaye mapigo hayapatikani anapelekwa kwa kile kifaa kwanza. Aliyaandika yote kwenye faili langu.

Basi pale kwenye kioo palikuwa na vidole vyangu vya majivu, na chini yake kisanduku chekundu: *Pima mapigo ya mguu kabla ya kubana. Ukiwa baridi au mapigo hayapatikani, usibane.*

Bwana Asilimia akavua miwani akaifuta. "Hii si ya ukutani."

"Kwa nini?"

"Umesema mwenyewe watu wanapiga picha. Hii ndiyo watakayoipiga. Si mguu uliopona, ni huu. Kesho iko kwenye kila simu na maneno mawili chini yake, 'Mizunguko yaua miguu.' Na mkutano bado haujaamua."

Kiherehere akazunguka meza. "Basi ibaki kwenye kitini tu."

"Kitini ndiyo hatari zaidi. Kitasafiri bila wewe. Atakayekisoma hakusikia maelezo, hajui ilikuwa siku za mwanzo, hajui vidole vilirudi. Hili ni jambo la mdomo. Ukilisema mwenyewe, na sababu zake, na sauti yako, watakuelewa."

Sitamlaumu kijana yule. Alisema maneno ya mtu mwenye akili, na nusu yake ni kweli. Kiherehere akasimama dirishani, akarudi, akakaa, akasimama. Halafu akabonyeza, picha ikatoka ukutani. Akafungua kitini, akakata pale picha ilipokuwa, na kisanduku chekundu kikatoka pamoja nayo, maana vilikuwa vimefungwa mahali pamoja. Nilikiona kikienda. Nikadhani atakirudisha peke yake. Hakukirudisha. Nadhani hata hakukiona kikitoka, kwa sababu jambo unalolifanya kila siku kwa mkono huoni kama halijaandikwa.

"Nitalisema," akajiambia. "Baada ya mchoro, kabla ya hitimisho. Nitalisisitiza." Kisha akanigeukia. "Bibi, wewe siku ile usiliseme. Niachie mimi. Sawa?"

"Mguu ni wangu, kazi ni yako," nikamwambia. "Nitanyamaza."

Ahadi ya namna ile ni rahisi ukiwa na ungo mapajani.

*

Siku ya mkutano walituleta mimi na fundi cherehani kwa gari la hospitali, wawe na wagonjwa wa kuwaonyesha. Chumba kilikuwa kirefu, madirisha upande mmoja, feni moja inazunguka na moja imegoma. Pazia la dirishani lilikuwa fupi, kwa hiyo jua lilikata ukuta katikati na nusu ya kila slaidi ikafifia. Fundi wa umeme akapanda meza kubandika gazeti. Kiherehere alikuwa pembeni akihesabu kwa vidole, midomo ikimcheza.

Waliotangulia walikuwa watu wa stoo. Bwana wa stoo aliweka ukutani orodha ya dawa zote, akaanza kuzisoma moja moja kwa sauti, wakati kila mtu anaziona. Akageukia ukuta akatupa mgongo. Metroni akaangalia saa. Daktari mkuu akaangalia saa. Bwana wa stoo akafika herufi ya M.

"Huyu akifika Z tutakuwa tumeshapona," fundi cherehani akaninong'oneza. Muuguzi wa mbele yetu akacheka hadi mabega yakatikisika.

Mwisho daktari mkuu alimkatisha kwa adabu, akamwita mjukuu wangu, akasema, "Samahani sana, dada. Muda wako umeliwa. Nipe nusu. Nusu tu, tafadhali, nina upasuaji."

Nusu! Nilimwona Kiherehere akianza kuhesabu vidole upya. Mtu akikatiwa muda, kinachobaki ni kile kilichopo ukutani, maana ukuta unajibonyeza tu. Na kilichopo kwenye karatasi kinabaki, maana karatasi itagawiwa. Kinachoanguka ni cha mdomo. Na yeye mdomoni aliweka nini? Mimi nilijua. Nikasogea kwenye kiti, kikalia kwii.

Akaanza vizuri. Alisema kwanza, "Msihangaike kuandika, hatua zote mtapewa kwenye karatasi," na kalamu zikalala. Akaonyesha mguu wa kabla. Chumba kikavuta pumzi. Akaonyesha mguu wa baada. Fundi cherehani hakuweza kujizuia, akasimama, akainua gauni hadi shavu la mguu na kuuzungusha kama anajaribisha viatu dukani. "Ndio huu! Ndio huu wenyewe! Hakuna mwingine!" Juhudi zote za kukata pazia, zikaishia hapo. Watu wakacheka, wakapiga makofi, hata metroni.

Kicheko kile kilikula muda nacho. Ukaja mchoro, mstari unashuka. Akaueleza kwa sentensi mbili. Daktari mkuu akainua kidole: malizia. Nikamtazama Kiherehere, naye akanitazama, haraka, kama mtu anayechungulia kisimani. Nikaona mdomo wake umefunguka. Kisha akabonyeza, likatokea neno *Asanteni*.

Makofi tena. Daktari mkuu akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mimi nimeridhika. Metroni?" Metroni akasema ameridhika na zaidi ya kuridhika. "Basi mizunguko iendelee. Na tusiwachoshe watatu hawa. Wauguzi wa vituo mpo, vitini mnapewa, hatua ziko wazi. Jumatatu kila kituo kianze kwa wagonjwa wake."

Bwana Asilimia akaanza kugawa vitini akiwa na tabasamu la bwana harusi. Kiherehere alikuwa amezungukwa, anapeana mikono, anasema asante, asante, macho yake yakikimbia huku na huko. Kwake furaha ilikuwa imefika, lakini haikukaa. Mimi nilikuwa nimeshika mpini wa fimbo yangu. Nilijiambia, atasema sasa hivi. Watu wametulia kidogo, atasema. Hajasema. Atawaita wale wa vituo pembeni. Hajawaita.

Muuguzi aliyekuwa mbele yetu, yule wa mabega, akageuka na karatasi yake mkononi. Mwanamke wa makamo, uso wa huruma. Alikuwa akiisoma kwa kidole, hatua ya kwanza, ya pili.

"Kumbe rahisi hivi!" akatuambia. "Mama zangu, ninaye mzee mmoja kituoni kwetu, mguu wake baridi kama maji ya mtungi. Usiku halali, analazimika kuuning'iniza kando ya kitanda ndipo maumivu yapungue. Jumatatu, yeye wa kwanza. Namfunga barabara."

Nilihisi ganzi ileile kwenye kisigino. Kuning'iniza mguu kando ya kitanda! Na mimi niliuning'iniza vilevile, miezi, mpaka daktari alipoweka kile kifaa.

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Ahadi ni ahadi, lakini sikuahidi kuwa kiziwi. Nikamwambia, "Mwanangu, nifanyie hisani. Hayo uliyonieleza ya mzee wako, mweleze mjukuu wangu. Hivyohivyo ulivyoyasema."

"Yuko na wakubwa, Bibi."

"Atakuja." Nikanyanyua fimbo, nikaita, "Kiherehere! Mama! Njoo usikie habari njema za dada huyu."

Nilimwita kwa jina la nyumbani mbele ya daktari mkuu, watu wakaguna kwa kucheka. Akaja amenuna kidogo. Yule muuguzi akarudia: baridi kama maji ya mtungi, usiku halali, Jumatatu, barabara. Akamwonyesha na karatasi. "Nimeipenda sana hii. Hakuna hata cha kuuliza."

Kiherehere akaichukua ile karatasi. Akasoma hatua ya kwanza: *Safisha kidonda.* Akageuza nyuma. Akageuza mbele. Nilimwona akitafuta kisanduku chekundu mahali kilipokuwa, kidole chake kikasimama kwenye nafasi nyeupe kati ya kichwa cha habari na hatua ya kwanza. Uso ukampauka.

"Hakipo," akasema polepole.

"Nini hakipo?" Bwana Asilimia alikuwa amefika. Akasoma juu ya bega lake, akaelewa. Akamvuta mkono, akamnong'oneza, lakini mimi nilikuwa karibu. "Tutawatumia ujumbe. Leo leo. Kila kituo. Usifungue jambo sasa, wameshaamua."

"Na ambaye hatausoma?"

"Atausoma."

"Na atakayechukua hiki kitini kutoka kwa mwenzake mwaka ujao? Wewe ndiye uliyesema kitasafiri bila mimi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayejisikia akisema kwa mara ya kwanza. "Tulipanga vibaya. Kisa ndicho kilikuwa cha mdomo. Onyo halikuwa la mdomo hata siku moja."

Akaenda mbele, karibu kukimbia. Wengine walishafika mlangoni, mmoja ameshika kitasa. Akapiga kiganja mezani.

"Samahanini! Naomba mrudi. Mliopewa vitini, msitoke navyo bado."

Chumba kikageuka. Daktari mkuu akasimama nusu ameinama kuchukua mkoba.

"Toeni kalamu. Nilisema msiandike, sasa naomba muandike. Juu ya hatua ya kwanza, herufi kubwa: pima mapigo ya mguu kabla ya kubana. Juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Mguu ukiwa baridi, au mapigo hayapatikani, au mgonjwa anauning'iniza usiku ndipo apate nafuu, usibane. Mlete kwetu apimwe kwa kifaa." Akangoja. Akasikiliza kalamu zikikwaruza. Akapita safu kwa safu akichungulia kila karatasi kama mwalimu wa darasa la kwanza, na aliyeandika kwa ufupi akamrudisha aandike tena. Yule muuguzi wa mzee wa baridi aliandika, akapiga mistari miwili chini, kisha akaweka kalamu chini na kufunika mdomo kwa mkono.

Bwana Asilimia naye, nimpe haki yake, alishaifungua kompyuta. Akaliandika onyo lenyewe ukutani, peke yake, kubwa, hata mimi na macho yangu nililisoma toka nyuma. Likabaki hapo likiwaka.

Daktari mkuu akakaa tena, upasuaji au hakuna upasuaji. "Hili ni la msingi," akasema. "Limeachwaje?" Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Lilishatokea kwetu? Kuna mtu aliyebanwa?"

Bwana Asilimia akajibu haraka, "Kisa kimoja, daktari, siku za mwanzo. Kiligunduliwa mapema. Hakuna madhara ya kudumu. Kiko kwenye faili."

Na ilikuwa kweli, kila neno. Daktari mkuu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetosheka, mkono ukarudi kwenye mkoba. Mambo yangeweza kuishia hapo. Watu wangekwenda nyumbani na karatasi zenye onyo, mizunguko ingeanza Jumatatu, na hakuna ambaye angekosea kwa hilo.

Hapa nikueleze kabisa kilichofuata baadaye, ili nisije nikakikatiza njiani. Uamuzi wa siku ile ulirudishwa nyuma. Vituo havikuanza Jumatatu. Walingoja mpaka kila kituo kimepata mtu aliyefundishwa kushika mapigo, na hilo lilichukua muda, na katika muda huo mlango wangu haukugongwa, nikapelekwa hospitali kwa kukokotwa kama zamani, na fundi cherehani akalalamika mtaa mzima. Kiherehere alirudishwa wodini kwa kipindi hicho, akawa hakai zaidi ya kawaida yake. Baadaye mizunguko ilirudi, na kitini kipya kina kisanduku chekundu juu kabisa, kabla hata ya kichwa cha habari. Mzee wa mguu baridi hakufungwa. Hayo ndiyo matokeo, na yamekwisha.

Lakini pale chumbani bado hakuna aliyeyajua. Pale palikuwa na daktari mwenye mkoba na mjukuu wangu aliyesimama mbele ya ukuta unaowaka, mikono imening'inia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nilimwona ametulia tuli, hata mguu hautikisiki. Hakunitazama kuniomba ruhusa. Alinitazama tu, akanitazama vizuri, kama alivyovitazama vile vidole siku ile sakafuni.

"Daktari," akasema, "kabla hujaondoka. Hilo la faili ni kweli, lakini halitoshi. Tangu siku ile nimetaka kulisema kwa mdomo wangu, nikawa natafuta pa kulificha. Aliyebanwa ni yule mama pale nyuma mwenye fimbo. Ni bibi yangu. Niliyembana ni mimi, na sikuwa nimemshika mapigo. Bibi, nilikaribia kukupotezea mguu, na sijawahi kukuambia nisamehe. Nisamehe."